Amerikano na longi bleki: kinachobadilika maji yakitangulia

"Kaka, nipo kwenye mgahawa hapa Dodoma mjini, nina miezi minne kwenye mashine ya kahawa. Juzi mteja aliagiza longi bleki, nikamtengenezea kama ninavyotengeneza amerikano, espreso kwanza kisha maji, akairudisha. Alisema krema imekufa na kahawa ni chungu. Bosi anasema ni kahawa ileile na maji yaleyale, tofauti ni jina tu. Je, kutanguliza maji au kutanguliza espreso kunabadilisha ladha kweli, au ni urembo wa juu tu?"

Dada, mteja hakukuonea, na bosi naye hajakosea kabisa. Ukichukua espreso moja na maji yenye kipimo kimoja na joto moja, ukamimina hivi au vile, kisha ukakoroga vizuri, watu wengi watashindwa kukuambia kipi ni kipi. Lakini hakuna anayekoroga longi bleki kabla ya kuipeleka mezani. Mteja ananusa, anatazama juu, anaonja. Katika mafunda matatu au manne ya mwanzo vikombe hivyo viwili ni tofauti kweli, na tofauti hiyo inatokana na krema, lile povu la kahawia juu ya espreso, na jinsi kahawa inavyokaa ndani ya maji. Halafu kuna jambo la pili, ambalo nadhani ndilo lililokuponza zaidi hapa Dodoma: maji yenyewe, na bomba unalokingia. Nitaanza na krema.

Krema si mafuta wala si maziwa ya kahawa, kama nilivyowahi kusikia mhudumu mmoja akimweleza mgeni. Ni povu la gesi. Kahawa ikikaangwa, ndani ya punje hubaki gesi ya kaboni dayoksaidi. Mashine inaposukuma maji ya moto kupita kwenye kahawa iliyosagwa kwa mgandamizo wa baa 9 hivi, gesi hiyo huyeyukia kwenye maji. Kahawa ikitoka mdomoni mwa kishikio, ule mkono wa mashine unaobeba kahawa iliyosagwa, mgandamizo unaondoka ghafla na gesi inafumuka kuwa vipovu vidogo sana, kama soda inavyofanya ukifungua kizibo. Vipovu hivyo hufunikwa na utando wa vitu vilivyotoka kwenye kahawa, ndiyo maana havipasuki haraka kama vya soda, na vinabeba pia unga laini wa kahawa na matone madogo ya mafuta. Rangi yake ya karanga iliyokaangwa inatokana na mchanganyiko huo.

Mashine za zamani zilizotegemea mvuke hazikuwa na nguvu ya kufanya hivyo. Krema tunayoijua iliingia mtaani na mashine za mkono wa springi za Achille Gaggia wa Milano, mwaka 1948. Wazee wetu wanaokunywa kahawa ya birika na kashata wanaishi bila krema tangu enzi na hawajawahi kuidai, kwa hiyo usiichukulie kuwa ndiyo roho ya kahawa.

Fanya jambo moja kesho asubuhi kabla wateja hawajaja. Toa espreso, chota krema peke yake kwa kijiko, ilambe. Utashangaa. Ni chungu, inakausha ulimi, na inaacha kitu kama majivu nyuma ya koo. Uchungu huo unatokana kwa sehemu na ule unga laini uliobebwa na povu. Halafu onja espreso iliyo chini yake: ni laini zaidi, ina utamu na uchachu wake. Krema nzuri inakuambia kahawa haijazeeka na inashika harufu, lakini ukiipima kama chakula ndiyo sehemu chungu kuliko zote kikombeni. Ukishaujua ukweli huu, mengine yote kuhusu zamu ya kumimina yanaeleweka.

Kwenye amerikano, espreso iko chini na krema yake juu, kisha unaiangushia maji. Mkondo wa maji unalitoboa lile povu, unavipasua vipovu na kuuzamisha ule unga na mafuta kwenye kinywaji chote. Joto nalo linasaidia kubomoa, kwa sababu utando wa vipovu ukipashwa moto na kuchanganywa na maji unakuwa mwepesi, unachuruzika na kupasuka mapema. Baada ya sekunde chache povu kidogo hurudi juu, ila limepauka na lina vipovu vikubwa kama vya sabuni ya kufulia, na mara nyingi linakimbilia ukingoni na kuacha tundu jeusi katikati. Hilo ndilo alilokuwa akiliona mteja wako aliposema krema imekufa. Uchungu wa krema haukupotea. Umesambaa, kila funda lina sehemu yake.

Kwenye longi bleki maji yako kikombeni tayari. Espreso inaposhuka juu yake, kahawa ina vitu vingi vilivyoyeyuka ndani yake na pia imepoa kidogo kuliko maji, kwa hiyo ni nzito na inazama. Krema ni nyepesi, inabaki inaelea. Ukitumia glasi utaona kwa macho: weusi unateremka kama wino, na juu linabaki tabaka la kahawia. Kumimina kunachanganya kiasi, lakini si chote. Mara nyingi chini kunabaki pazito kuliko juu.

Hapo ndipo ladha inapotofautiana, na si kwa namna ambayo watu hudhani. Utasikia wakisema longi bleki ni laini na amerikano ni kali. Funda la kwanza la longi bleki ambayo haijakorogwa linaleta krema nyingi mdomoni, yaani harufu kubwa na uchungu mkali, juu ya maji ambayo hayajakolea. Funda la pili na la tatu, krema ikishapungua, linakuwa safi na uchachu unajitokeza. Ukifika chini, kahawa inakolea. Ni kikombe kinachotembea. Amerikano ni ileile tangu funda la kwanza hadi la mwisho, na kwa sababu unga wa krema umechanganyika humo, inakuwa na ukavu kidogo wakati wote. Mimi binafsi napenda longi bleki kwa kile kinachotokea katikati ya kikombe, ila simlaumu anayetaka kahawa yenye msimamo mmoja.

Wapo wanaotoa espreso, wakachota krema yote na kuitupa, ndipo wakaongeza maji. Kikombe kinakuwa kisafi kuliko vyote viwili. Mteja anayelalamikia uchungu kila siku mjaribishie hivyo bila kumwambia. Anayelalamika kwamba krema haipo usithubutu.

Sasa turudi kwenye kile kikombe kilichorudishwa. Mteja alitaja krema, lakini alitaja na uchungu, na uchungu ule sidhani uliletwa na zamu ya kumimina peke yake. Nilishawahi kuitwa kwenye mgahawa mmoja hapahapa mjini wenye malalamiko kama yenu. Espreso yao ilikuwa nzuri: gramu 18 za kahawa, gramu 36 kikombeni, sekunde 28. Niliionja peke yake, ilikuwa na uchachu wa kupendeza na utamu wa kutosha. Ikiwekwa maji, uchachu unatoweka, inabaki ladha bapa yenye uchungu na kitu kama magadi kwa mbali. Walikuwa wameshabadilisha kahawa mara mbili na kumlaumu aliyewakaangia. Nikachota maji ya moto kwenye bomba la mashine, nikayaacha yapoe kwenye glasi, nikaweka pembeni yake glasi ya maji ya chupa waliyokuwa wakiuza. Mwenye mgahawa akaonja zote mbili, akacheka. Ya mashine hayakunyweka.

Sababu yenyewe ni rahisi ukishaifikiria. Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, na maji ya chini ya ardhi huwa yamebeba madini. Angalia ndani ya birika lako la nyumbani utaona ukoko mweupe. Baadhi ya madini hayo, hasa bikaboneti, yanapooza uchachu wa kahawa kama magadi yanavyopooza ukali wa ndimu. Mpaka hapo ni tatizo la kila bomba mjini. Mashine inaliongeza. Katika mashine nyingi za migahawa, bomba la maji moto linachota kutoka kwenye boila ileile inayotoa mvuke wa maziwa. Kila ukipasha maziwa, mvuke unaondoka ukiwa mtupu na madini yanabaki nyuma. Boila inajijaza tena kwa maji mengine yenye madini, mvuke unaondoka, madini yanabaki. Siku nenda, siku rudi, maji ya humo ndani yanakuwa mazito kuliko yaliyoingia. Mgahawa unaouza kapuchino nyingi na amerikano chache, kama ule, unakuwa umehifadhi humo mchuzi wa wiki nzima.

Na usisahau hesabu: espreso ya gramu 36 ukiiongezea gramu 120 za maji unapata gramu 156. Zaidi ya robo tatu ya kikombe ni maji ambayo hayakupita kwenye kahawa kabisa. Ladha yao inaingia mdomoni mwa mteja jinsi ilivyo.

Nilichowashauri kilikuwa cha gharama ndogo. Wakanunua birika la umeme, wakawa wanachemshia humo maji ya chupa kubwa kwa ajili ya amerikano na longi bleki tu. Bomba la mashine likabaki la kuoshea na kupashia vikombe, na kila asubuhi wanakinga lita mbili na kuzimwaga ili boila ipate maji mapya. Wazimwage kidogokidogo, mashine ipate nafasi ya kujijaza na kupasha tena. Wao walikuwa na kile kichujio kinachosafishwa kwa chumvi, wakadhani kinatosha. Kile kinazuia ukoko, na ni kizuri kwa maisha ya mashine, lakini bikaboneti inapita humo kama kawaida. Mashine inabaki salama na kahawa inabaki bapa.

Kuna na suala la joto, na hapa nitaomba uwe makini kwa sababu ndilo linalowadanganya watu wengi wanapolinganisha vinywaji hivi. Utasikia kwamba amerikano ni chungu kwa kuwa maji ya moto yanaiunguza espreso. Si kweli. Espreso yenyewe imetengenezwa kwa maji ya nyuzi 90 na kitu. Hapa kwetu, kwenye kimo cha mita 1,100 na ushei, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Maji hayo hayawezi kuunguza kitu ambacho kilishakaangwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200. Kinachotokea ni kwamba kikombe kinakuwa cha moto mno, ulimi haufanyi kazi yake, mteja anahisi ukali na uchungu tu, na harufu nzuri inakimbia na mvuke kabla hajafikisha pua.

Piga hesabu nami. Espreso ikiwa imeshatua kikombeni ina nyuzi 70 hivi. Gramu 36 za nyuzi 70 ukizichanganya na gramu 120 za nyuzi 96 unapata takriban nyuzi 90, kabla kikombe hakijachukua sehemu yake. Hakuna anayeweza kuonja chochote hapo. Ukitumia maji ya nyuzi 80, mchanganyiko unatua karibu na 78, na kikombe cha udongo kikichukua nyuzi chache mteja anaanza kunywa baada ya dakika mbili tatu badala ya kupuliza dakika kumi. Kama huna kipimajoto, chemsha birika, fungua kifuniko, subiri dakika kadhaa, au changanya sehemu tano za maji yaliyotoka kuchemka na sehemu moja ya maji ya chupa ambayo hayajachemshwa. Kwa hali ya hewa ya hapa utapata karibu nyuzi 84 au 85, na yakishaingia kwenye kikombe yanashuka pale unapotaka.

Sasa tazama jinsi zamu ya kumimina inavyogusa joto bila mtu kutambua. Kwenye longi bleki maji yanatangulia, yanakaa nusu dakika au zaidi ukiwa unafunga kishikio na kahawa inatoka. Muda huo yanapasha kikombe na kupoa. Kwenye amerikano maji ya moto kabisa yanakuja mwisho, dakika ileile kikombe kinapoondoka kwenda mezani. Kwa hiyo hata mhudumu akitumia maji yaleyale, amerikano inafika mezani ikiwa ya moto zaidi. Anayeonja vyote viwili kwa wakati mmoja anasema amerikano ni chungu, kumbe analinganisha joto. Mpe dakika tano, aonje tena, aseme.

Kama mnataka kumaliza ubishi na bosi, fanyeni hivi jioni mkishafunga. Toa espreso mbili kutoka kahawa ileile kwa kipimo kilekile. Moja iingize kwenye maji, nyingine iwekee maji juu, yote gramu 120 kutoka birika moja. Koroga zote mbili kwa kijiko mizunguko kumi, ziache hadi ziwe vuguvugu. Mimina kwenye vikombe vitatu vidogo, viwili vya aina moja na kimoja cha nyingine, bosi asijue vipi ni vipi. Mwambie atafute kile cha tofauti. Kwa kubahatisha atapatia mara moja katika kila mara tatu, kwa hiyo kupatia mara moja si ushahidi. Mrudie mara sita au saba. Nategemea atahangaika. Kisha rudieni bila kukoroga, vikombe vikiwa vizima na vya moto, mwambie anywe funda moja kila kimoja akiwa amefumba macho. Hapo sitegemei ahangaike sana. Ubishi wenu wote upo katikati ya majaribio hayo mawili.

Jambo linalofanya tofauti kubwa kuliko zamu ya maji ni kiasi cha maji, na hili mteja anayeagiza longi bleki kwa jina huwa analijua. Longi bleki ni kinywaji cha Australia na Nyuzilandi, na huko hutolewa kwenye kikombe kifupi: espreso ya kipimo mara mbili na maji gramu 100 hadi 120. Amerikano kwa kawaida ni kikombe kirefu. Tuseme espreso yako ya gramu 36 ina gramu tatu na robo hivi za kahawa iliyoyeyuka, ambacho ni kiasi cha kawaida kwa gramu 18 za unga. Ndani ya gramu 156 hiyo ni kama asilimia 2, kahawa nzito. Ukijaza kikombe cha gramu 240 inashuka hadi asilimia 1.35 hivi, sawa na kahawa ya kuchuja. Hata asiyejua kahawa atavitofautisha hivyo viwili. Kwa hiyo kama mlimpa mteja longi bleki kwenye kikombe kile kirefu cha amerikano, basi mlimpa kinywaji kingine, hata kama maji yangetangulia.

Mkiwa na majina yote mawili kwenye orodha, yapeni vipimo viwili tofauti. Kikombe kidogo cha gramu 180 kwa longi bleki, kikubwa kwa amerikano. Bosi akikataa, aondoe jina moja kwenye orodha, ni heri hivyo kuliko kuuza kitu kimoja kwa bei mbili.

Kuhusu mikono sasa. Pasha kikombe kidogo, weka maji gramu 110 au 120 ya nyuzi kama 85, kiweke juu ya mizani chini ya kishikio, rudisha mizani sifuri, ndipo uanze kutoa kahawa. Mizani itakuonyesha gramu 36 za espreso kana kwamba maji hayapo. Kutolea moja kwa moja juu ya maji ndiko kunakohifadhi krema zaidi, kwa sababu ukitolea kwenye kijagi kisha ukamimina, krema nyingi inaganda kwenye kuta za kijagi na kubaki humo. Kama kikombe ni kirefu hakiingii chini ya mdomo, tumia kijagi, lakini mimina mara tu kahawa inapokatika, mdomo wa kijagi ukiwa karibu kabisa na uso wa maji, taratibu, kisha kikung'ute mwishoni ili krema iliyobaki idondoke juu.

Ubaya wa kutolea kwenye maji ni kwamba huioni espreso vizuri. Ikitoka mbio kwa sekunde 15 na kupauka, kwenye kikombe kitupu ungeiona na kuimwaga. Juu ya maji inajificha, mteja ndiye anayeigundua. Kwa hiyo sikiliza na uangalie muda na uzito, na jicho lako libaki kwenye mdomo wa kishikio, si kwenye kikombe. Asubuhi, kabla hujauza, toa espreso moja kwenye kikombe kitupu uionje, urekebishe usagaji, ndipo uanze.

Kwa amerikano, kama mteja anapenda povu libaki, usikingie bomba la mashine moja kwa moja juu ya espreso. Maji ya boila yako kwenye nyuzi 120 hivi kwa sababu yamebanwa, yakitoka nje sehemu yake inalipuka kuwa mvuke, ndiyo ile sauti ya kutema mate unayoisikia. Hakuna krema inayostahimili hilo. Kinga maji kwenye jagi au tumia birika, mimina kwenye ukuta wa ndani wa kikombe, mkondo mwembamba. Utapoteza krema kiasi, si yote.

Na ukiona hata longi bleki iliyotengenezwa vizuri ina krema nyembamba inayokatika ndani ya nusu dakika, acha kuhangaika na zamu ya maji, tafuta tarehe ya kukaangwa kwenye mfuko. Kahawa ya Mbinga au Mbozi iliyokaa miezi mitatu imeshapoteza gesi yake, na hakuna namna ya kumimina itakayoirudisha. Kinyume chake, iliyokaangwa juzi ina gesi nyingi mno, krema inapanda juu kama povu la pombe kisha inaporomoka na kuacha vipovu vikubwa. Mimi huanza kuitumia kuanzia siku ya saba au ya kumi. Kuna anayekuja na ushauri wa kuchanganya robusta ya Kagera ili krema iwe nene. Itakuwa nene kweli, na robusta nzuri si kitu cha kudharau, ila kwenye kinywaji ambacho robo tatu ni maji uchungu wake unasikika sana. Mteja wako aliyelalamikia mambo mawili atapunguza lalamiko moja na kuongeza lingine.

Kahawa za kubeba mimina upendavyo. Kifuniko cha plastiki kikishafungwa, krema haionekani, na safari ya bodaboda kutoka hapo mjini hadi Mtumba inakoroga vizuri kuliko kijiko.